Kuchomoa konekta ya laini ya petroli: sukuma kwanza ndo uvute

Wiki mbili zilizopita ililetwa Forester hapa gereji tunapopigia kazi, Mabatini, Mwanza, mwenyewe kaja nayo kutoka Sengerema, malalamiko yake ni harufu ya petroli, kila akizima gari akishuka harufu inamfuata mpaka mlangoni kwake. Kufungua boneti tu jibu unaliona kwa macho, mpira unaopeleka petroli kwenye injini umeshika nyufa karibu na konekta na pale chini pana unyevu. Kazi yenyewe ndogo, unachomoa mpira wa zamani, unachomeka mpya ambao unakuja na konekta yake mwishoni, basi. Ila kabla haijafika kwetu kuna fundi alishaigusa na ushahidi kaacha, konekta ina makovu ya bisibisi mdomoni na paipu ya chuma imechubuliwa na praiz. Alivuta, akazungusha, akachokonoa, ikagoma, mwisho akamwambia jamaa "hii imegandia bosi, inabidi tukate".

Haikuwa imegandia. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, kazi yake ni kukataa kutoka ukiivuta. Na hapa ndo watu wengi wanapoumia, wanaikuta konekta haina nati wala haina klemu, wanaona ni plastiki tu, wanasema nguvu kidogo itatoka. Nguvu inavunja klipu ya ndani, na klipu iliyovunjika kidole kimoja bado unaweza kuichomeka ikalia klik ukadhani imekaa, alafu siku gari iko Usagara inapandisha mlima inachomoka petroli inamwagikia eksozi.

Tuanze na kilichomo ndani, maana ukishakiona kichwani hutavuta tena kijinga.

Paipu ya chuma inayotoka tanki mwisho wake haujanyooka tu. Nyuma kidogo ya ncha pana sehemu imevimba kuzunguka paipu yote, kama pete, ni chuma hichohicho kimevimbishwa kiwandani. Konekta yenyewe ni ya plastiki na ndani ina vitu viwili vya muhimu. Kule ndani kabisa kuna oringi, yaani vipete vya mpira, mara nyingi viwili, hizi ndo zinabana ncha ya paipu mafuta yasivuje. Karibu na mdomo kuna klipu yenye vidole vimeelekea ndani. Ukisukuma paipu iingie ile pete inavipanua vidole, inapita, alafu vidole vinarudi nyuma yake, na hiyo klik unayoisikia ndo vidole vinarudi. Kuanzia hapo ukivuta, pete inakutana na ncha za vidole uso kwa uso. Kama umewahi kuona mgono wa kutegea samaki hutahitaji maelezo zaidi, vile vijiti vya mdomoni vinaangalia ndani, samaki anaingia kwa kuvisukuma lakini akitaka kurudi anakuta ncha zinamtazama yeye, na akizidi kupambana ndo vinazidi kumziba.

Kifaa cha kuchomolea ni kipande cha bomba fupi kilichopasuliwa upande mmoja ili kiweze kuvikwa kwenye paipu. Kina ukingo mwembamba mbele. Unakivika paipu nyuma ya konekta, unakitelezesha mpaka kiingie mdomoni, ule ukingo unapita chini ya vidole na kuviinua juu kuzidi kimo cha pete. Vidole vikishakaa juu ya kifaa, pete haina tena cha kugonga, inatoka. Ni kama umeingiza mkono mdomoni mwa mgono ukavishika vijiti vyote kwa pamoja. Bisibisi inainua kidole kimoja au viwili, kile cha upande wa pili bado kinashika, ndo maana jamaa aliyekutangulia alikuwa anapata tumaini konekta inacheza cheza upande mmoja lakini haitoki.

Sasa kuna jambo moja ambalo hata wenye kifaa halisi wanalikosea, wanakiingiza kifaa, wanavuta, inagoma, wanasema kifaa cha Kichina hiki hakifai. Kifaa kiko sawa. Tatizo ni kwamba wakati wanakiingiza, pete ilikuwa tayari imeviegemea vidole. Kidole kilichobanwa na pete hakiinuki, jaribu kufungua komeo la mlango huku mtu anausukuma mlango kutoka upande wa pili, komeo halisogei mpaka uurudishe mlango kidogo. Na kinachozuia vidole visiinuke ni vitu vitatu. Mkono wako unaovuta, huo wa kwanza. Wa pili ni presha ya mafuta iliyobaki kwenye laini, gari nyingi za petroli za sindano za kawaida zinatembea kwenye bar 3 mpaka 4, na kwenye paipu ya milimita 8 presha ya bar 3 inaisukuma konekta nje kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu, hata gari ikiwa imezimwa, mpaka presha itoke. Wa tatu ni mchanga. Hapa kwetu barabara za juu huko ni vumbi na kokoto, mchanga unajaa mdomoni mwa konekta, vidole vinakosa nafasi ya kuinukia, na kifaa hakifiki mwisho.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: safisha, toa presha, sukuma konekta ndani kuelekea kwenye paipu, ingiza kifaa ukiwa bado umesukuma, ndo uvute. Lile neno sukuma ndo lilikosekana kwenye ile Forester.

Kabla hujatafuta kifaa hakikisha kwanza gari yako inakitaka. Toyota nyingi mnazoendesha humu zina konekta yenye vibonyezo viwili pembeni au kishikizo cha plastiki cha rangi tofauti, hizo unabana kwa vidole vyako viwili zinatoka, ukiingiza kifaa mdomoni unaharibu. Nyingine, hasa Ford za zamani, zina kizimba cha chuma na ndani yake springi ya mviringo, hizo zinataka kifaa cha duara kinachofungwa kama bangili kuzunguka kizimba chote. Ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo ukiitazama pembeni haina cha kubonyeza popote, ukimulika mdomoni unaona vidole vya plastiki vimekumbatia paipu.

Saizi nayo. Paipu za mafuta za kawaida ni inchi 5/16, karibu milimita 8, na inchi 3/8, karibu milimita 9.5. Seti ya kifaa inakuja na saizi kadhaa kwa rangi tofauti, zingine ni za mkasi zenye ncha mbili huku na huku. Usikisie kwa jicho, kipimie kwenye paipu: saizi sahihi inakaa bila kulegea na inateleza bila kulazimishwa. Kikubwa kinaingia mdomoni lakini kinagonga ubavu wa vidole badala ya kupita chini yake, kidogo hakifungi kuzunguka paipu na utakikuta kimekaa mshazari. Kuna vijana wanatengeneza kwa kipande cha bomba gumu la plastiki walichopasua kwa kisu, na nimeona kikifanya kazi, ila ukingo wake ukiwa mnene hauingii na ukiwa laini unajikunja humo ndani, mi nakushauri ununue seti, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya gereji na unakaa nayo miaka.

Tuje kwenye moto sasa, na hapa naomba usiruke.

Petroli yenyewe ya maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo Mwanza yetu ya nyuzi 28 mchana petroli ikimwagika nusu kikombe inaanza kutoa mvuke hapo hapo, hauhitaji kupashwa. Hewa ikiwa na mvuke kidogo tu, kuanzia kama asilimia 1.4, cheche moja inatosha. Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Unashuka, unatambaa chini kama maji, unaingia kwenye shimo la kukagulia gari, unaingia mtaroni, na unafuata mteremko.

Sasa fikiria mji wetu ulivyo. Mabatini, Bugando, Igogo, nyumba na vibanda vimebebana kwenye miamba, hakuna sehemu tambarare, gereji iko juu na mita kumi chini yake pana mama anakaanga sato kwenye jiko la mkaa. Ukimwaga petroli hapo juu, we huoni kitu, harufu inapungua unadhani imeisha, kumbe mvuke umeshuka kwa jirani. Ukifika kwenye mkaa unawaka, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka ulipo wewe na konekta yako mkononi. Cheche haikuwa kwako kabisa.

Ndo maana siku ile kabla sijagusa gari nilishuka kwanza kwa mama anayekaanga pale chini.

"Shikamoo mama, nina kazi ya petroli hapo juu, kama nusu saa hivi. Naomba jiko ulisogeze upande wa kule."

"Marahaba mwanangu. Na wateja wangu nani atawasogeza?"

Alicheka lakini akasogeza, tukambebea jiko sisi wenyewe mimi na dogo wa hapa gereji mpaka upande wa pili wa jiwe, kwa juu kidogo. Ukiona aibu kuomba basi hamisha gari, nasi baadaye tulilihamisha pia, nitaeleza kwa nini.

Upepo nao una ratiba hapa. Asubuhi mapema hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani, ndo ule ule wavuvi wa dagaa wanaujua, alafu jua likishapanda upepo unageuka unatoka ziwani kuja huku. Kazi ya petroli mi napenda mchana ule upepo wa ziwa umeshashika, unapeperusha mvuke, na unasimama upepo uje mgongoni kwako uelekee kwenye gari na kwingine kusiko na moto. Ndani ya kontena au gereji iliyofungwa milango usifanye, na juu ya shimo usifanye kabisa, shimo ni bakuli la mvuke.

Vitu vya kuzima ni zaidi ya sigara. Mashine ya kuchomelea na grenda ya jirani, hata akiwa mita kumi mwambie asubiri, cheche za grenda zinaruka mbali. Chaja ya betri chomoa ukutani. Kompresa inayojiwasha yenyewe izime, swichi yake inatoa cheche kila ikishika. Ile taa ya balbu ya kuning'iniza kwenye boneti ni hatari kuliko inavyoonekana, tone la petroli likiidondokea balbu ya moto inapasuka na waya wa ndani unawaka wazi, tumia tochi ya betri na uiwashe kabla hujaanza. Eksozi ipoe, saa moja angalau. Vaa nguo ya pamba, makoti yale ya nailoni yanatengeneza shoti ndogo ukijisugua kwenye siti, ile inayokuchoma kidole ukigusa mlango, kwa hiyo kabla ya kuishika konekta gusa kwanza chuma tupu cha bodi mbali na laini ya mafuta.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga mkavu au povu, uwe wa kilo 6 ukiweza, na usiuweke ndani ya gari unalotengeneza. Uweke hatua tatu nne nyuma yako, upande wa upepo, pini uijue ilipo. Yale mitungi madogo ya kilo moja ya kubandika kwenye gari yanaisha ndani ya sekunde chache, ni ya moto wa kikombe. Ndoo ya mchanga mkavu weka karibu, inasaidia kuzuia kilichomwagika kisitelemke na kufunika moto mdogo wa chini. Maji hapana, petroli inaelea juu ya maji, ukimwaga ndoo unausafirisha moto na kwenye mteremko wetu unaupeleka moja kwa moja kwa yule mama. Ukiona moto umeingia ndani ya boneti usilifungue lote, hewa ikiingia unalipuka usoni, pulizia kupitia upenyo ukilenga chini ya moto, na mtungi ukiisha moto haujazimika rudi nyuma, toa watu, piga 114 zimamoto.

Haya, kazi sasa.

Tulianza kwa kuihamisha Forester. Ilikuwa imepaki pua ikitazama chini, maana yake tanki liko juu kuliko konekta, na hapo ukichomoa petroli inaweza kuendelea kutiririka yenyewe kutoka tanki hata presha ikiwa imeisha. Tukaisukuma mpaka kwenye kiwanja kidogo tambarare, tukaweka mawe nyuma ya matairi. Alafu usafi: brashi ndogo na upepo wa kompresa kuzunguka mdomo wa konekta mpaka vidole vikaonekana wazi, na hii inafanyika mwanzo kabla hujazima kompresa na kabla laini haijafunguliwa.

Kutoa presha. Fungua kifuniko cha tanki upumue, alafu chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, kwenye gari nyingi mchoro uko kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Washa gari. Itawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye laini, itatetemeka, itazima yenyewe. Piga stata tena sekunde tano hivi, isiwake. Ikiwa inaendelea kunguruma vizuri dakika nzima basi umechomoa fyuzi isiyo yenyewe, na hili linatokea kuliko watu wanavyokubali. Baada ya hapo ndo unatoa waya wa hasi wa betri, unaufunga kwa tambara usije ukarudi kugusa. Ufuate mpangilio huo huo, ukitoa betri kwanza huwezi kupiga stata, na ukisubiri kuitoa betri petroli ikishamwagika ile cheche ya tamino inakuwa imekutana na mvuke.

Presha imetoka lakini mafuta bado yamo, kwenye laini hubaki kiasi cha nusu kikombe cha chai, wakati mwingine zaidi. Glavu, miwani, kopo la chuma chini, na tambara la pamba umelizungushia konekta kabla ya kuvuta. Miwani usiidharau, tone la petroli jichoni unaenda kuosha kwa maji yanayotiririka robo saa nzima.

Dogo ndo alishika kifaa, mi nikawa namwelekeza.

"Izungushe kwanza konekta kwenye paipu, robo huku, robo kule. Kwa mkono, sio kwa praiz."

Hii ni kwa ajili ya oringi, zikikaa miaka kwenye sehemu moja zinanata kwenye chuma, na ukizizungusha taratibu zinaachia. Paipu za nailoni zilizozeeka kwenye joto la injini ni kama tambi mbichi, ukizungusha kwa praiz zinakatika, na hapo kazi ya mpira mmoja imekuwa kazi ya laini nzima.

Ikazunguka. Akavika kifaa, akataka kuvuta hapo hapo.

"Subiri. Sukuma konekta ndani."

Akasukuma, ikaenda kama milimita moja na nusu, unaisikia kabisa inagota. Mkono wa kushoto umeishikilia hapo, wa kulia unakipeleka kifaa mdomoni, kimenyooka na paipu bila kulala upande. Kikaingia nusu kikagoma. Hapa ndo ilipo siri ya gari lililochokonolewa, bisibisi ilikuwa imekunja kidole kimoja kikalala mbele ya mdomo. Tukatoa kifaa, tukakirudisha kidole kwa kijiti cha mshikaki, nasema kijiti maana chuma tena hapo hapana, tukajaribu upya. Safari hii bega la kifaa, pale ule ukingo mwembamba unapoishia, likafika likagusa mdomo wa konekta pande zote. Hiyo ndo alama ya kutafuta, bega limegusa pande zote, bila upenyo upande mmoja. Ukiona upenyo usivute.

"Kifaa kishike hapo hapo usikiache. Sasa vuta konekta, taratibu, iliyonyooka."

Ikatoka kama mkono unatoka kwenye glavu. Petroli kidogo ikaingia kwenye tambara na kwenye kopo, imeisha. Ukivuta ukaona inarudi kama mpira, yaani inakuja kidogo alafu inavutwa ndani, kidole bado kimeshika, usiongeze nguvu, sukuma tena ndani uanze upya. Ikigoma mara tatu nne toa kifaa umulike, kuna mchanga au saizi sio.

Paipu ikibaki wazi izibe kwa kizibo au kidole cha glavu kilichofungwa kwa mpira, hasa vumbi lisiingie, chembe moja ikifika kwenye nozeli unatengeneza tatizo lingine. Matambara yenye petroli yatoke nje yaanikwe wazi mbali na moto, usiyarundike kona ya gereji, na kopo la petroli lifunikwe. Tafadhali usinawie mikono hiyo petroli, najua tunafanya wote.

Tukaiangalia paipu. Mchubuko wa praiz ulikuwa nyuma ya pete, upande ambao oringi haifiki, tukaulainisha kwa mkono kwa msasa namba 1000 ulioloweshwa oili. Ungekuwa mbele ya pete, kati ya pete na ncha, nisingemdanganya jamaa, hapo ndo oringi inapokaa na mkwaruzo wa urefu wa paipu unavuja hata uweke konekta mpya ya dukani, hiyo paipu ni ya kubadili. Tukahakikisha pia hakuna kipande cha klipu ya zamani kilichobaki kimekumbatia pete, maana wakati mwingine klipu inabaki kwenye paipu na konekta inatoka peke yake, ukichomeka mpya juu yake haifungi. Kama unarudishia konekta ileile basi klipu weka mpya, ni kitu kidogo. Na oringi usichukue za mabomba ya maji hata kama saizi ni sawa, zinavimba kwenye petroli na kukatika, zipo za mafuta maalumu.

Kurudishia hakutaki kifaa. Tone la oili safi ya injini kwenye ncha ya paipu, bila hilo oringi inaweza kukunjika ukiwa unasukuma, alafu unasukuma moja kwa moja mpaka klik. Klik peke yake usiiamini. Vuta kwa nguvu kurudi nyuma, kwa nguvu kweli, inatakiwa icheze ile milimita moja na igome. Ya dogo iligoma.

Futa kila kitu kikauke, subiri harufu iishe, kwa upepo ule wa ziwa tulisubiri kama robo saa. Rudisha fyuzi, funga betri, ila usipige stata. Fungua swichi tu, pampu itanguruma sekunde mbili ikate, zima, rudia mara tatu. Hapo laini imejaa presha na injini bado imelala baridi, ndo muda wa kumulika konekta kwa tochi na kupitisha kipande cha karatasi nyeupe chini yake. Ikilowana unajua kabla chochote hakijapata moto. Karatasi yetu ilitoka kavu, tukawasha, ikapiga stata kidogo zaidi ya kawaida kwa sababu ya hewa kwenye laini, ikashika. Tukaiacha inanguruma dakika kumi tukapitisha karatasi tena.

Watu wa dizeli mtaniuliza. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka kirahisi hivyo, lakini zile za kisasa upande wa presha kubwa ni mamia mpaka zaidi ya bar elfu moja, unatoboa ngozi na kuingia mwilini, na zile petroli za sindano za moja kwa moja kama D-4 ya Toyota nazo zina upande wake wa presha kubwa baada ya pampu ya pili. Utazijua, huko hakuna konekta za plastiki, ni paipu za chuma na nati. Yote niliyoeleza hapa yanahusu upande wa presha ndogo, kutoka tanki mpaka hapo, ukikuta nati ya chuma usiifungue kwa maelezo haya.

Mwenye Forester alirudi Jumatatu, safari hii anapita tu, akafungua boneti mwenyewe akainama akanusa kama anayenusa mchuzi. Tukamrudishia jiko mama pale chini siku ileile, na akatudai sato mmoja aliyeungua tukiwa tunalibeba.